Kabla hujanunua dhahabu ya kidijitali: fuata njia kutoka kwenye tokeni hadi kwenye tofali

Rafiki yangu mmoja alinionyesha akaunti yake ya dhahabu kwenye simu. Juu palikuwa na picha ya tofali linalong'aa, chini yake maandishi makubwa: gramu 62.2. Akaniuliza, "Hii ni yangu, si ndiyo?" Tukafungua masharti ya matumizi, kurasa 19, tukatafuta neno moja tu: `allocated`. Lilitokea mara moja, ndani ya sentensi iliyosema kwamba dhahabu ya akaunti hiyo haikutengwa kwa jina la mteja, na kwamba mteja anaidai kampuni thamani inayolingana na gramu zake. Picha ya tofali ilikuwa picha tu. Alichokuwa nacho ni deni ambalo kampuni ilikuwa imeahidi kumlipa kwa kipimo cha gramu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu dhahabu ya kidijitali namwambia tusianze na bei. Tuanze na tofali: liko wapi, lina namba gani, ni la nani kisheria, na nani anaweza kukuzuia usilifikie. Hatua zinazofuata ndizo ninazopitia mwenyewe, na mfano wangu mkuu ni tokeni, yaani hati za kidijitali zinazorekodiwa kwenye daftari la wazi la mtandaoni. Nachukua mbili zinazojulikana zaidi: PAX Gold (`PAXG`), iliyotolewa na kampuni ya Paxos ya New York kuanzia 2019, na Tether Gold (`XAUT`) ya kampuni ya Tether, iliyoanza 2020. Tokeni moja ya aina yoyote kati ya hizo inawakilisha wakia moja ya dhahabu, ile wakia ya wafanyabiashara wa madini yenye gramu 31.1035.

Hatua ya 1: Jua unanunua dhahabu au unanunua ahadi

Fungua masharti yenyewe. Ukurasa wa matangazo hauna kazi hapa. Tafuta maneno mawili, `allocated` na `unallocated`. Hapa ndipo penye uzito wote wa jambo hili, kwa hiyo usiharakishe.

Dhahabu iliyotengwa maana yake ni kwamba kuna matofali maalumu, yenye namba, yaliyowekwa ghalani kwa niaba ya wateja. Matofali hayo hayahesabiwi kuwa mali ya kampuni. Kampuni ikifilisika, mfilisi hatakiwi kuyagawa kwa wadai wake, kwa sababu hayakuwa yake tangu mwanzo. Dhahabu isiyotengwa ni kitu kingine kabisa. Hapo kampuni au benki ina dhahabu yake, nawe una salio kwenye daftari lake. Salio hilo ni deni. Ikianguka, unapanga foleni pamoja na wadai wengine wasio na dhamana, na unapata kile kitakachobaki.

Dhahabu isiyotengwa si utapeli. Sehemu kubwa ya biashara ya dhahabu ya London hufanyika kwa akaunti za namna hiyo kila siku, kwa sababu ni nyepesi na haina gharama ya kuhifadhi. Wanaoitumia, hata hivyo, ni taasisi zinazojua kwamba zimebeba hatari ya benki. Tatizo linaanza pale mtu wa kawaida anapouziwa deni huku akiamini amenunua tofali.

Na hata neno "imetengwa" halitoshi likiwa neno tupu. Kampuni ya Bullion Direct ya Austin, Texas, ilifilisika mwaka 2015. Wateja wake walikuwa wakiingia kwenye akaunti zao mtandaoni na kuona kiasi cha dhahabu na fedha walichonunua. Ghala lilipofunguliwa, sehemu kubwa ya madini hayo haikuwepo. Mwanzilishi wake, Charles McAllister, alipatikana na hatia ya udanganyifu mwaka 2019. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Wateja wa Bullion Direct daftari walikuwa nalo. Mali ndiyo haikuwepo. Ndiyo maana hatuishii kwenye masharti.

Kwenye masharti hayo hayo, andika pembeni mambo matatu: jina kamili la kampuni inayotoa tokeni, nchi ilikosajiliwa, na mamlaka inayoisimamia. Usichanganye jina la bidhaa na jina la kampuni, kwa maana mara nyingi mtoaji ni kampuni tanzu iliyosajiliwa nchi tofauti na ile unayodhani. Mahakama utakayokwenda siku ya shida itategemea mstari huo mmoja.

Hatua ya 2: Linganisha idadi ya tokeni na idadi ya wakia

Huu ndio ubora ambao tokeni inao na akaunti ya kawaida haina: mtu yeyote anaweza kuhesabu tokeni zote zilizopo. Nenda kwenye tovuti ya mtoaji mwenyewe, chukua anwani ya tokeni, kisha uifungue kwenye `etherscan.io`, tovuti inayoonyesha rekodi za Ethereum, mtandao ambao tokeni hizi zimo. Sikuiandika anwani hapa kwa makusudi. Anwani ya namna hii haichukuliwi kwenye makala wala kwenye ujumbe wa kutumiwa, kwa sababu mtu yeyote anaweza kutengeneza tokeni ya bandia na kuipa jina lile lile, herufi kwa herufi. Jina linaigwa, anwani haiigiki.

Ukishafika, tafuta `totalSupply`, yaani jumla ya tokeni zilizopo. Namba utakayoiona kwenye sehemu ya kusoma mkataba, yaani programu inayoiendesha tokeni, itakuwa ndefu mno, kwa sababu imeandikwa bila nukta. Angalia `decimals`, yaani idadi ya tarakimu zinazokaa baada ya nukta, kisha sogeza nukta kwa hesabu hiyo. `PAXG` ina 18, `XAUT` ina 6. Ukipuuza jambo hilo utadhani dunia nzima haina dhahabu ya kutosha kuzifidia.

Sasa chukua taarifa ya mhasibu wa nje ambayo mtoaji huichapisha. Tuseme inasema kwamba siku ya mwisho ya mwezi palikuwa na tokeni 250,000 na wakia 250,112 za dhahabu ghalani. Hapo hesabu imekaa sawa, kwa siku hiyo. Ukiona leo `totalSupply` ni 258,000 usipige kelele bado. Tokeni hutolewa na kufutwa kila siku kadiri watu wanavyonunua na kurudisha. Linganisha na idadi ya tarehe ile ile ya taarifa. Pia soma kama taarifa inatenganisha tokeni zilizouzwa na zile ambazo mtoaji bado anazo mwenyewe, na kama tokeni ipo kwenye mtandao zaidi ya mmoja. Zote lazima zijumlishwe.

Hapa nasisitiza jambo ambalo watu wengi hulipita. Taarifa hiyo kwa kawaida ni uthibitisho wa siku moja. Mhasibu anasema: siku hii, saa hii, rekodi nilizoonyeshwa zinalingana na idadi hii. Hasemi dhahabu hiyo ilikuwepo wiki iliyotangulia, wala hakagui vitabu vyote vya kampuni. Tazama basi mambo mawili: taarifa hutoka mara ngapi, na huchelewa kwa muda gani. Mtoaji aliyekuwa akichapisha kila mwezi akaanza kuruka miezi anakupa habari muhimu kuliko yoyote iliyomo ndani ya taarifa zenyewe.

Hatua ya 3: Lisome tofali

Matofali yanayotumika kwenye biashara kubwa si yale madogo ya kwenye picha. Yanaitwa London Good Delivery, na kanuni zake zinawekwa na chama cha wafanyabiashara wa dhahabu cha London, LBMA. Kila tofali lazima liwe na kati ya wakia 350 na 430 za dhahabu halisi, na usafi usiopungua sehemu 995 kwa 1,000. Lina uzito wa takriban kilo 12 na nusu. Juu yake hugongwa namba ya tofali, alama ya kiwanda kilicholisafisha, usafi wake na mwaka lilipotengenezwa.

Kwa hiyo hakuna matofali mawili yaliyo sawa kabisa, na hapo ndipo hesabu inapoingia. Tuseme orodha ya mtoaji inaonyesha tofali lenye uzito wa wakia 401.250 na usafi wa 996.5. Dhahabu halisi iliyomo ni hii:

```
401.250 × 0.9965 = 399.846
```

Tofali hilo linaweza kufidia tokeni 399.846 na si 401. Ukikuta orodha inajumlisha uzito wa jumla bila kuuzidisha kwa usafi, mtoaji anahesabu shaba na fedha iliyomo kana kwamba ni dhahabu. Kwenye tofali moja ni wakia moja na ushee. Kwenye matofali 600 ni zaidi ya mawili mazima.

Paxos na Tether wote wana ukurasa ambapo unaingiza anwani ya pochi yako ya kidijitali, yaani programu inayotunza tokeni zako, na kuoneshwa namba za matofali ambayo tokeni zako zimefungamanishwa nayo. Nilipomsaidia yule rafiki kujaribu na tokeni moja aliyoinunua baadaye, tulipata namba ya tofali, jina la kiwanda, uzito na usafi. Tukafanya mambo mawili. Kwanza tukaangalia kama kiwanda hicho kipo kwenye orodha ya LBMA, ambayo iko wazi kwa wote. Kisha tukazidisha uzito kwa usafi, tukapata wakia zile zile zilizoandikwa.

Ni vizuri kujua hilo linathibitisha nini na halithibitishi nini. Linathibitisha kwamba mtoaji ana orodha yenye mpangilio na yuko tayari kukaguliwa kwa undani. Halithibitishi kwamba umemiliki tofali zima. Una kipande cha haki ndani yake, pamoja na watu wengine wengi. Wala halithibitishi kwamba kilichomo ndani ni dhahabu. Mwaka 2015 polisi wa Ujerumani walivamia ghala la taasisi moja ya Berlin iliyoitwa BWF-Stiftung, iliyokuwa ikiwauzia watu dhahabu na kuwawekea. Vitu vilivyokuwa ghalani vilionekana kama dhahabu na vilipangwa kama dhahabu, lakini sehemu kubwa ilikuwa metali nyingine iliyopakwa dhahabu juu. Kuhesabu ni kazi moja, kupima ni nyingine.

Ulinzi dhidi ya hatari hiyo ni mnyororo wa uhifadhi. Tofali linalotoka kwenye kiwanda kilichoidhinishwa, likaingia moja kwa moja kwenye ghala la kampuni huru ya ulinzi wa mali, na likabaki humo bila kutoka, huaminika bila kupimwa upya. Likitoka nje ya mnyororo huo hata mara moja, wanunuzi wakubwa hawalipokei mpaka lichunguzwe. Dhahabu ya `PAXG` iko kwenye maghala ya London, ya `XAUT` iko Uswisi. Swali la kumuuliza mtoaji yeyote mdogo ni fupi: ghala ni la nani? Akijibu kwamba ghala ni lake mwenyewe, unanunua mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe kalishika muuzaji.

Hatua ya 4: Jaribu kuitoa dhahabu, walau kwenye karatasi

Andika kwenye daftari: nikitaka dhahabu yenyewe mkononi, nifanye nini? Tafuta neno `redeem` kwenye masharti.

Kwa `PAXG` na `XAUT`, kuchukua tofali zima kunahitaji tokeni 430. Watu huiona namba hii na kudhani imetungwa ili kuwazuia. Sababu yake iko kwenye hatua iliyopita: tofali kubwa kuliko yote linaweza kuwa na wakia 430, na huwezi kujua mapema utapewa lipi. Kwa hiyo unatakiwa kuwa na za kutosha kulipia hata lile kubwa kabisa. Ukipewa la wakia 399.846, tokeni zilizobaki unarudishiwa.

Sasa fanya hesabu kwa bei ya mfano ya dola 4,000 kwa wakia. Tokeni 430 ni dola 1,720,000. Ongeza ada za mtoaji, uthibitisho wa utambulisho wako, gharama za kusafirisha na bima, na kodi za nchi inakokwenda. Mwenye tokeni tatu hatalichukua tofali hilo kamwe. Njia yake ya kutoka ni kuziuza sokoni au, pale masharti yanaporuhusu, kumrudishia mtoaji kwa fedha.

Kwa hiyo kinachoshikilia bei ya tokeni yako karibu na bei ya dhahabu si uwezo wako wewe wa kwenda ghalani. Ni wafanyabiashara wakubwa wenye uwezo huo. Tokeni ikishuka chini ya dhahabu wanainunua na kuirudisha kwa mtoaji. Ikipanda juu wanampelekea mtoaji fedha, wanapata tokeni mpya na kuziuza. Wakiacha kufanya hivyo kwa sababu yoyote ile, kamba hulegea. Unaweza kuiona ikilegea mwishoni mwa wiki, kwa sababu tokeni zinauzwa saa zote ilhali masoko ya dhahabu yamefungwa. Jumamosi ya tarehe 13 Aprili 2024, habari za mashambulizi ya Iran dhidi ya Israeli zilipotoka, `PAXG` ilipaa mamia ya dola juu ya bei ya dhahabu ya Ijumaa, kisha ikarudi. Aliyenunua kwenye kilele hicho alilipia hofu, na hakupata hata gramu moja ya ziada.

Hatua ya 5: Tafuta ni nani aliyeshika kitufe

Tokeni ya dhahabu si kama bitkoini, ambayo hakuna mwenye uwezo wa kuisimamisha. Hapa yupo, na uwezo wake umeandikwa wazi kwenye programu inayoiendesha tokeni. Kwenye mkataba wa `PAXG` utakuta kazi zenye majina kama `pause`, inayosimamisha miamala yote, `freeze`, inayoifunga anwani moja, na `wipeFrozenAddress`, inayofuta salio la anwani iliyofungwa. Kuna pia `feeRate`, kiwango cha ada ya kuhamisha, ambacho mtoaji anaweza kukibadilisha. Hesabu yake ni kwa sehemu za milioni: ukisoma 200, ada ni asilimia 0.02.

Siandiki haya kumtisha mtu. Kampuni inayosimamiwa na mamlaka lazima iweze kutii amri ya mahakama, na bila uwezo huo isingepewa leseni. Lakini ujue umeingia wapi. Ukipokea tokeni kutoka kwa mtu usiyemfahamu, na tokeni hizo zikawa zimetokana na wizi, anwani yako inaweza kufungwa wakati dhahabu yenyewe imekaa salama ghalani.

Historia ina mfano mzito wa jambo hili. Mwaka 1996, miaka mingi kabla ya bitkoini, Douglas Jackson alianzisha e-gold nchini Marekani. Watu walilipana mtandaoni kwa gramu za dhahabu, na tofauti na Bullion Direct, dhahabu ilikuwepo kweli. Iliyokosekana ni leseni na udhibiti wa wanaoingia, na wahalifu wakaipenda. Mwaka 2007 serikali ilifungua mashtaka, mwaka uliofuata kampuni na viongozi wake wakakiri makosa, na akaunti zikafungwa. Wateja halali walisubiri miaka kadhaa, wakajaza fomu na kuthibitisha utambulisho wao, kabla ya kupata thamani ya kilicho chao.

Hatua ya 6: Ondoa watu wa kati mmoja mmoja

Ukinunua tokeni na kuiacha kwenye soko la mtandaoni, yote uliyokagua juu yanamhusu mwenye soko. Pochi ni yake, tokeni ziko kwa jina lake, nawe unabaki na salio kwenye daftari lake. Umerudi pale pale pa dhahabu isiyotengwa. Vivyo hivyo tokeni iliyovushwa kwenda mtandao mwingine kwa daraja: unachoshika huko ni risiti ya tokeni iliyofungwa upande wa kwanza, na daraja likivunjwa na wezi, tofali lipo lakini risiti yako haina kitu nyuma yake. Na ukiona mtu anakuahidi riba kwa ajili ya dhahabu yako, muulize inatoka wapi. Dhahabu iliyolala ghalani haizai. Ikizaa, imekopeshwa, na ikikopeshwa si ile iliyotengwa tena.

Kwa hiyo nunua kiasi kidogo kwanza. Kihamishie kwenye pochi ambayo funguo zake unazo wewe, kisha ingiza anwani yako kwenye ukurasa wa mtoaji uone kama namba ya tofali inatokea. Halafu kirudishe na ukiuze. Andika ulichotoa na ulichopata. Tuseme ulinunua wakia moja kwa dola 4,030 na kuiuza kwa 3,980 siku hiyo hiyo huku bei ya dhahabu ikiwa haijatikisika. Dola 50 zimekwenda kwenye pengo la kununua na kuuza, na juu yake kuna ada ya mtandao, ambayo ni ile ile uhamishe wakia kumi au sehemu ya mia ya wakia. Rafiki yangu alipofanya zoezi hilo kwa kipande kidogo sana cha tokeni, ada za kwenda na kurudi zilimeza karibu robo ya fedha yake. Zile gramu 62.2 za kwenye akaunti ya zamani aliziuza zote wiki iliyofuata, na malipo yakachukua siku 11 kufika.